Kupanga makala za mfululizo ili msomaji arudi kwa kila sehemu

Makala za maelekezo hazimrudishi msomaji kwa njia ileile ya hadithi za mfululizo. Msomaji wa hadithi hurudi kwa kuwa mhusika ameachwa katikati ya hatari, lakini msomaji wa maelekezo hurudi pale tu sehemu iliyopita ilipomwachia kitu mkononi ambacho sehemu ijayo itamwonyesha namna ya kukitumia. Ndiyo maana sigawi tena mada kwa kuhesabu maneno, bali naikata pale ambapo msomaji hana budi kuweka simu chini na kwenda kufanya jambo.

Chukua mfululizo wangu kuhusu kununua kiwanja nchini Tanzania, ambao una sehemu nne: kukikagua kiwanja chenyewe, upekuzi wa umiliki, mkataba wa mauziano, na uhamisho wa hati. Sehemu ya kwanza inaishia kwa kumtaka mnunuzi aombe nakala ya hati kutoka kwa muuzaji na anakili namba ya kiwanja na ya kitalu. Sehemu ya pili inaanza na nakala hiyohiyo, kwa kuwa ndiyo inayopelekwa kwenye upekuzi ili kujua mmiliki aliyesajiliwa ni nani, na kama kuna rehani au zuio. Mtu aliyekwisha kuipata nakala hahitaji kubembelezwa arudi. Mpango huu huandikwa kabla ya sehemu yoyote kutoka, na kwa kila sehemu naandika mistari miwili tu: msomaji anakuja na nini, na anaondoka na nini. Sehemu isiyojaza mstari wa pili naiunganisha na jirani yake.

Muhtasari wa mwanzo, ule wa "Ilipoishia", una wasomaji wawili wa kuwahudumia kwa pamoja. Yupo aliyesoma sehemu iliyopita na anataka kukumbushwa tu, na yupo aliyeletwa na Google moja kwa moja hadi sehemu ya tatu bila kujua kwamba kuna nyingine. Sentensi mbili au tatu zinawatosha wote, mradi zitaje matokeo ya sehemu iliyopita badala ya mada yake. "Tulizungumzia upekuzi" haimsaidii yeyote, ilhali "upekuzi umeonyesha kuwa kiwanja hakina rehani" humweleza mgeni papo hapo kama yuko mahali panapomfaa. Kiungo nacho kikae juu ya maneno yanayotaja kitu chenyewe, wala si juu ya "bofya hapa", na kielekee kwenye aya inayohusika badala ya kichwa cha makala ndefu. Kwanza, aya hiyo ya sehemu ya pili hupewa alama yake, kisha muhtasari wa sehemu ya tatu huielekea:

```html
<h3 id="rehani">Kama kuna rehani</h3>

<p>Ilipoishia: upekuzi umeonyesha kuwa kiwanja
<a href="/p2.html#rehani">hakina rehani</a>.</p>
```

Hapo `/p2.html` inasimama badala ya anwani halisi ya sehemu ya pili. Anwani hiyo iamuliwe mapema, ingali rasimu, kwa sababu ikibadilishwa baada ya kuchapishwa viungo vyote vilivyokwisha kusambazwa katika makundi ya WhatsApp hufa, isipokuwa uweke uelekezaji kutoka anwani ya zamani.

Wengi hutegemea lebo ikusanye sehemu zote, nami siishauri njia hiyo. Ukurasa wa lebo kwenye Blogger hutanguliza makala mpya, kwa hiyo mgeni hukutana na uhamisho wa hati kabla hajajua kukagua kiwanja. Tengeneza ukurasa mmoja wa yaliyomo, upange sehemu kwa mfuatano wake, uandike chini ya kila moja swali inalolijibu, na sehemu ambazo hazijatoka uzitaje bila kiungo, kwani kiungo cha makala isiyokuwepo humpeleka msomaji kwenye ukurasa wa kosa. Ukurasa huo ndio wa kusambaza, kwa kuwa anayeuhifadhi leo ataikuta sehemu mpya palepale.

Kazi inayosahaulika kuliko zote hufanyika siku sehemu mpya inapotoka: kurudi kwenye sehemu iliyotangulia na kuondoa "Itaendelea", ukaweka kiungo cha sehemu mpya mahali pake. Bila hivyo, anayefika miezi mingi baadaye huamini kwamba mfululizo ulikatikia hapo. Dalili yake huonekana kwenye takwimu: sehemu ya kwanza inaendelea kupata wageni kila wiki, ilhali ya pili haipati karibu yeyote anayetoka kwenye ya kwanza. Ukiona hivyo, fungua sehemu ya kwanza kwa simu, ushuke hadi mstari wa mwisho, uangalie kama kuna pa kubonyeza. Kama kiungo kipo na kinafanya kazi, basi tazama kile ulichomwachia msomaji mkononi, kwa sababu huenda sehemu hiyo ilimaliza jambo lake lote na haikumpa haja ya kuendelea.