Zahanati mbili, wastani mmoja, na mgonjwa wa dakika 190

*"Wakuu, nina dakika za kusubiri za wagonjwa saba saba kutoka zahanati mbili za hapa Mtwara. A: 12, 18, 21, 25, 33, 40, 190. B: 28, 36, 44, 47, 52, 58, 65. Wastani ni kama 48 na 47. Nimfute huyu wa 190 halafu nifanye jaribio la t?"*

Usimfute, mkuu. Kwanza rudi kwenye daftari la mapokezi uangalie saa zilivyoandikwa. Nimekusanya data za foleni Masasi na Newala, na kinachosumbua zaidi ni karani mmoja kuandika saa 2:10 na mwenzake wa dirisha la dawa kuandika 8:50 kwa mgonjwa huyohuyo. Aliyesubiri dakika 40 anageuka kuwa wa dakika 400. Kosa la namna hiyo huongeza saa sita kamili, kwa hiyo 190 yako haitokani na hapo. Inaelekea mtu huyo alikaa kweli.

Jaribio la t hapa halitaona kitu, maana linalinganisha wastani, na wastani wa A umebebwa na mtu mmoja. Dakika za kusubiri karibu zote hukaa hivyo: wengi wanabanana chini, wachache wanavuta mkia mrefu juu. Ukiwa na watu mia mbili unaweza kuvumilia. Ukiwa na saba, huwezi.

Tumia jaribio la Mann-Whitney, ambalo wengine huliita la Wilcoxon la jumla ya nafasi. Wilcoxon alilitoa 1945, Mann na Whitney wakaliendeleza 1947. Unachanganya wagonjwa wote 14, unawapanga kuanzia aliyesubiri kidogo, kisha unawapa nafasi ya 1 hadi ya 14. Dakika zenyewe unaziacha, unabaki na nafasi.

Kwako A wanapata nafasi 1, 2, 3, 4, 6, 8 na 14, jumla 38. B wanapata 5, 7, 9, 10, 11, 12 na 13, jumla 67. Hakikisha 38 na 67 zinafika 105, maana ndiyo jumla ya 1 hadi 14. Zisipofika, kuna nafasi umeikosea. Halafu toa 28, yaani jumla ndogo kabisa ambayo watu saba wangeweza kupata (1 hadi 7). A inabaki na 10, B na 39. Hizo ndizo U.

Maana yake inaeleweka hata bila hesabu. Kila mgonjwa wa A akikutanishwa na kila wa B unapata jozi 49, na katika jozi 39 wa B ndiye aliyesubiri zaidi. Hiyo ni karibu asilimia 80. Huyo wa 190 anabaki nafasi ya 14 tu. Hata angekaa hadi magharibi, U isingebadilika.

Kwenye R:

```r
A <- c(12, 18, 21, 25, 33, 40, 190)
B <- c(28, 36, 44, 47, 52, 58, 65)
wilcox.test(A, B)
```

Utapata `W = 10, p-value = 0.07284`. W hiyo ndiyo U ya A. p haijashuka chini ya 0.05, mpaka uliozoeleka; kwa saba kwa saba U ndogo inatakiwa iwe 8 au chini. Hata hivyo usiandike "hakuna tofauti". Andika kwamba katika jozi 39 kati ya 49 B walisubiri zaidi, ila sampuli ni ndogo mno kulithibitisha hilo. Usiandike pia kwamba jaribio limelinganisha namba za kati, 25 na 47. Tafsiri hiyo inafaa pale makundi mawili yana umbo moja, na yako hayana. Na 190 itaje waziwazi kwenye ripoti, kwa sababu jaribio limeinyamazisha na mganga mfawidhi anahitaji kujua kuna mtu alikaa zaidi ya saa tatu.

Usije ukawa unaongeza wagonjwa wawili wawili huku ukichungulia p mpaka ishuke. Panga idadi kwanza, kusanya upya, pima mara moja. Wakiwa watatu kwa watatu hata usihangaike: p ndogo kabisa inayowezekana ni 0.1. Na andika dakika halisi, maana karani akikadiria kwa tano tano wengi watafungana. Waliofungana hugawana nafasi, na R itakuonya `cannot compute exact p-value with ties`.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni hili: wale saba wa B ni wa asubuhi moja? Daktari akichelewa siku hiyo wote wanachelewa pamoja, na jaribio linadhani umeleta ushahidi wa watu saba wasiohusiana, kumbe ni tukio moja. Chukua wawili au watatu kwa siku, siku tofauti, saa zilezile kwa zahanati zote mbili, na usiweke siku ya kliniki ya watoto upande mmoja na siku ya kawaida upande wa pili.