Bangili ya Makka

*Swali la wiki: Oktoba 2025 dhahabu ilifika bei ambayo haikuwahi kuonekana. Je, ungeuza vito vyako?*

Mimi sina cha kuuza. Bibi yangu, hapa Mji wa Kale Mombasa, ana bangili nne, na paa lake la mabati limeliwa na chumvi. Mwezi huo, wakia moja ya dhahabu ilipovuka dola 4,000, mjomba alimpigia simu: "Mama, uza zote leo."

Nilimsindikiza. Duka la kwanza waliziweka zote nne kwenye mizani kwa pamoja, gramu 62, wakataja bei moja. Bibi akazivaa tena pale pale. "Hawa wanachanganya mchele na chuya," akaninong'oneza mlangoni.

Duka la pili, sonara mzee alizipima moja moja. Mbili za arusi zina muhuri wa 916, yaani karati 22, gramu 15 kila moja. Ile aliyoinunua Makka alipokwenda kuhiji ina 875, karati 21, gramu 12. Ya nne, ya marehemu mamake, ni nene, nakshi tupu, muhuri haina. Sonara aliisugua kwenye jiwe jeusi, ikaacha mstari wa manjano. Akadondosha tindikali, mstari ukafifia kidogo lakini haukufutika. Dhahabu ni ya kweli, akasema, ila ndani ina uwazi uliojazwa lakiri, na katika gramu zile 20 hawezi kujua dhahabu ni ngapi mpaka aiyeyushe. Nakshi halipi, anakwenda kuziyeyusha zote.

Bibi akauliza ya Makka peke yake ni kiasi gani. Siku hiyo gramu ya dhahabu safi ilikuwa kama shilingi 16,600, hivyo ya karati 21 ni 14,500 na ushei. Sonara akatoa 13,400. Tofauti ni faida yake na gharama ya kuyeyusha. Kwa gramu 12, shilingi 160,800. Fundi wa paa alitaka 150,000.

Mimi ningetoa za arusi, ndizo zenye pesa nyingi. Bibi hakutaka kusikia. Hizo ni jozi, ukiuza moja umeiharibu ya pili, na siku ukitaka kununua nyingine utalipa dhahabu na ujira wa sonara juu yake. Halafu akaongeza: "Hii nilinunua kwa pesa za mahamri yangu. Simuulizi mtu, hai wala maiti."

Ilikataa kutoka mkononi. Mke wa sonara akaleta maji na sabuni.

Kabla mwezi haujaisha bei ya wakia ikarudi chini ya dola 4,000. Mjomba akapiga simu kumpongeza mamake, ati kaiwahi sokoni. Bibi akamwambia apige baadaye, anahesabu misumari na fundi.