Bidhaa moja inaonyesha hasara kila mwezi: niifunge au niendelee nayo?

Swali: Wakuu, nina kiwanda kidogo cha kukodi hapa Kizota, Dodoma. Nakamua alizeti, nasaga sembe na natengeneza siagi ya karanga. Mhasibu ameniletea ripoti: karanga inakula hasara kila mwezi ikishabebeshwa sehemu yake ya pango, walinzi na ofisi. Anashauri niifunge nibaki na hizo mbili zenye faida. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijauza mashine.

Jibu:

Mkuu, mashine iache hapo kwanza. Mimi natunza hesabu za kiwanda kimoja upande wa Singida chenye bidhaa hizohizo tatu, na ripoti ya namna hiyo iliwahi kuwekwa mezani kwetu. Nitakupa hesabu zetu. Tarakimu nimezilainisha kidogo ili mwenye kiwanda asijulikane, ila uwiano ni uleule.

Mauzo ya mwezi yalikuwa hivi: mafuta milioni 24, sembe milioni 18, siagi ya karanga milioni 6. Siagi ni makopo 1,000 ya nusu kilo, kila kopo sh 6,000. Kutengeneza kopo moja kulikula sh 4,500: karanga zenyewe sh 2,600, kopo na lebo sh 1,000, na sh 900 zilizobaki ni sukari, chumvi, umeme, gesi ya kukaangia na kamisheni ya muuzaji. Kwa hiyo kila kopo liliacha sh 1,500, na makopo 1,000 yakaacha milioni 1.5. Hiyo ndiyo ninayoiita mchango wa bidhaa, yaani kinachobaki baada ya kutoa gharama zinazopanda na kushuka na uzalishaji. Mafuta yaliacha milioni 6.5, sembe milioni 4.4.

Kuna wafanyakazi wa kila kitengo pia. Karanga ilikuwa na wawili, jumla sh 700,000. Mafuta sh 600,000, sembe sh 500,000.

Halafu kuna zile gharama za kiwanda kizima: pango milioni 2.4, mishahara ya meneja, ofisi na walinzi milioni 3.9, riba ya mkopo milioni 1.8, gari la usambazaji milioni 1.5. Jumla milioni 9.6. Hizi aliyeandaa ripoti alizigawa kwa uzito wa mauzo. Karanga ina asilimia 12.5 ya mauzo, ikabebeshwa milioni 1.2. Toa kwenye milioni 1.5 ile 700,000 ya wafanyakazi na hiyo milioni 1.2, unapata hasara ya laki nne. Mafuta yalionyesha faida ya milioni 1.1, sembe laki tatu, na kiwanda kizima faida ya milioni 1.

Sasa funga karanga kwenye karatasi uone. Mchango wa milioni 1.5 unaondoka. Mishahara ya sh 700,000 inaondoka. Ile milioni 1.2 haiendi popote: mwenye jengo hapunguzi pango kwa sababu umeacha kukaanga karanga, mlinzi wa usiku analinda geti lilelile, benki inadai riba ileile. Faida ya kiwanda inashuka kutoka milioni 1 hadi laki mbili. Umeondoa bidhaa ya "hasara ya laki nne" na umekuwa maskini zaidi kwa laki nane kila mwezi.

Na haiishii hapo. Milioni 9.6 sasa zinagawanywa kwa bidhaa mbili. Sembe iliyokuwa inabeba milioni 3.6 inabebeshwa zaidi ya milioni 4.1, na ripoti ya mwezi unaofuata inaionyesha sembe kwenye hasara ya kama sh 214,000. Kwa mantiki ileile utaambiwa ufunge sembe. Ukiifunga, mafuta peke yake yanabeba milioni 9.6 yote na kiwanda kinapata hasara ya milioni 3.7. Hakuna mwezi ambao sembe ilibadilika. Kilichobadilika ni mzigo iliorithi.

Kipimo kingine rahisi cha kuona kwamba hasara ile imetokana na mgawanyo: badilisha kigezo. Chumba cha karanga kwetu kilikuwa kama asilimia 5 ya eneo la jengo. Gawa milioni 9.6 kwa ukubwa wa eneo badala ya mauzo, karanga inabeba sh 480,000 na ghafla ina faida ya sh 320,000. Mwezi uleule, makopo yaleyale, pesa ileile benki. Kama jibu la kufunga au kutofunga linageuka kwa sababu umechagua kigezo kingine cha kugawa, basi kigezo hicho hakifai kuamua jambo hili. Mhasibu wako hajakosea kujumlisha, wala simlaumu. Mgawanyo una kazi yake unapotaka kujua kama bei zako kwa ujumla zinaweza kubeba kiwanda. Ila wewe umeuliza jambo jingine.

Kazi ngumu iko kwenye kujua ni gharama zipi kweli zinakoma siku unapofunga, na hapa usiamini majina yaliyoandikwa kwenye ripoti. Chukua kila mstari, uliza: tukifunga karanga mwezi ujao, nani hatalipwa? Kama huwezi kumtaja huyo mtu na kiasi chake, gharama hiyo haikomi.

Kwetu tulipouliza hivyo, mambo mawili yalijitokeza, kila moja likivuta upande wake. Wale wafanyakazi wawili walihesabiwa wote kama wa karanga, lakini mmoja msimu wa alizeti ndiye aliyekuwa anajaza na kufunga madumu ya mafuta. Mwenye kiwanda alisema wazi hatamwachia aende. Kwa hiyo kilichokuwa kinaokolewa ni sh 350,000, si 700,000. Upande wa pili, kwenye zile milioni 1.5 za gari, zilizoitwa za kiwanda kizima, kulikuwa na safari za kupeleka siagi peke yake Manyoni na Itigi ambako mafuta na sembe hatuuzi. Mafuta ya gari na posho ya dereva kwa safari hizo ilikuwa kama sh 200,000 kwa mwezi. Hiyo ingekoma. Jumla ya gharama zinazokoma ikawa sh 550,000, na kufunga kungetugharimu sh 950,000 kwa mwezi.

Kwako angalia pia ada na vipimo vya TBS vya bidhaa hiyo, na upimaji wa sumukuvu kwenye karanga. Tangu ule mlipuko wa sumukuvu wa 2016 huko Dodoma na Manyara uliotokana na mahindi, hakuna mtu wa kanda hii anayechezea jambo hilo, na gharama yake kwenye karanga ni ya karanga yenyewe, hata kama imeandikwa chini ya "ofisi". Riba vilevile: kama unakopa kila msimu kununua karanga za kuweka stoo, riba ya mkopo huo inakoma ukifunga. Riba ya mkopo wa kinu cha alizeti haikomi. Bei uliyonunulia mashine ya kusagia karanga iweke pembeni kabisa, pesa hiyo ilishatoka. Kinachohesabika ni bei ambayo mtu angekupa leo, na kwa mashine iliyotumika bei hiyo huwa inakatisha tamaa.

Kuna hali mbili ambazo kufunga kunakuwa sahihi, hata kama pango halipungui.

Ya kwanza ni pale chumba au watu hao wanapopata kazi yenye tija zaidi. Kuna mwoka mikate alitaka kukodi kile chumba cha karanga kwa sh 500,000 kwa mwezi. Ukiangalia ripoti ya "hasara ya laki nne", unaona neema imeshuka. Ukiangalia sh 950,000 tunazopoteza, unamkatalia kwa adabu, na ndivyo tulivyofanya. Angekuja na milioni 1.2, tungempa funguo siku hiyohiyo.

Ya pili ni pale mchango wenyewe unapokufa, na kwa karanga hii inatokea kila mwaka. Hapa kwetu karanga zinavunwa mwishoni mwa masika, kisha stoo zinavyokauka bei inapanda hadi mavuno mengine. Kopo letu linatumia gramu 650 za karanga mbichi kabla ya kutoa mbovu na maganda. Kwa sh 4,000 kwa kilo ni zile sh 2,600. Kilo ikifika 6,000 ni sh 3,900, mchango unabaki sh 200 kwa kopo, yaani laki mbili kwa mwezi, huku sh 550,000 zikitoka kwa ajili ya karanga tu. Hapo hasara ni ya kweli, haina uhusiano na pango la mtu. Mpaka wetu ulikuwa karibu sh 5,450 kwa kilo: chini ya hapo karanga inasaidia kubeba kiwanda, juu yake inakivuta chini. Tuliuandika ukutani kwenye chumba cha manunuzi. Bei ikivuka na wateja hawakubali kopo lipande, tunasimamisha kukaanga hadi mavuno. Tahadhari: kusimama kwa muda kunafanya kazi tu kama gharama zako zinakoma kwa muda huo pia. Mfanyakazi mwenye mkataba wa mwaka analipwa ukikaanga usikaange, na hapo mpaka wako unapanda juu kuliko wetu.

Muda nao uangalie. Mkataba wa pango ukiwa umebakiza miezi miwili, pango si gharama isiyoepukika tena. Unaweza kuhamia jengo dogo. Lakini swali la wakati huo ni la kiwanda kizima, maana faida ya milioni 1 juu ya mzigo wa milioni 9.6 ni nyembamba sana, na karanga siyo iliyoufanya mzigo uwe mkubwa.

Kabla ya chochote, mwombe mhasibu akuandikie ripoti upya hivi: kila bidhaa na mauzo yake, gharama zake zinazobadilika, kisha gharama ambazo zingekoma ikifungwa. Aishie hapo kwa kila bidhaa. Pango, walinzi, ofisi na riba ya kinu aziweke mstari mmoja chini kabisa, bila kumgawia yeyote. Halafu jaza bei ya karanga ya miezi yako mitatu iliyopita, si wastani wa mwaka, uone mchango umekaa wapi.