Ada ya wakili kwenye kesi ya ajali: yaliyonikuta mimi

"Mke wangu aligongwa na matatu hapa Ukunda, amevunjika mguu. Kuna jamaa alikuja hadi wodini, asema wakili wake atafungua kesi bila sisi kutoa hata shilingi, ila tukishinda achukue asilimia 30. Fomu anayo tayari. Tusaini? Na mambo yetu ya nyumbani tukimweleza, yatabaki kwake?"

Pole sana kwa mkeo, kaka. Fomu hiyo msiisaini kwanza. Mimi nilisaini moja kama hiyo mwaka 2017, nikiwa nimelazwa na paja limevunjika baada ya ajali ya matatu Mtwapa. Kalamu ilikuwa ya yule aliyekuja, hata meza ilikuwa ubao wake. Wakili mwenyewe nilimwona mara ya kwanza miezi saba baadaye.

Huyo anayezunguka wodini ni dalali. Sheria ya Mawakili ya Kenya inakataza kutafutia wakili wateja kwa malipo, na inamkataza wakili kupokea kesi kwa mkono wa dalali. Kwa hiyo wakili anayemtuma keshakuonyesha anavyofanya kazi kabla hujamjua jina. Muulize jina kamili la wakili, si la ofisi, kisha ulitafute kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK. Pale utaona kama cheti chake cha mwaka huu kipo hai, kwa sababu cheti ni cha mwaka mmoja na huisha Desemba. Likiwepo, nendeni ofisini mkaonane naye ana kwa ana. Swali moja tu linatosha kumpima: "Siku ya kesi atasimama nani?" Akikurudisha kwa karani, ondokeni. Muda wa kuchagua mnao, kwani kesi ya majeraha hufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Cha kukimbilia sasa ni abstrakti ya polisi, yaani karatasi inayothibitisha ajali, na fomu ya P3 ambayo daktari huandika majeraha, na hizo hazihitaji wakili.

Sasa hiyo 30%. Hapa ndipo nilipoliwa, kwa hiyo niwie radhi nikirefusha.

Makubaliano kwamba wakili atalipwa pale tu kesi itakaposhinda hayana nguvu kisheria Kenya. Sheria inayakataa waziwazi, pamoja na yale ya kulipwa kiwango kimoja ukishinda na kingine ukishindwa. Mawakili wengi wa ajali huyafanya hivyo hivyo, na wateja tunayakubali kwa kuwa mfukoni hatuna kitu. Kinachoruhusiwa ni makubaliano ya ada yaliyoandikwa na kusainiwa na mteja, yenye kiasi kinachojulikana. Pasipo makubaliano halali, ada hufuata viwango vya Agizo la Ada za Mawakili, na mkibishana, msajili wa mahakama ndiye anayeikadiria. Na hata makubaliano halali, ukiona yamekukandamiza unaweza kuomba mahakama iyatengue. Mwisho wa kuomba ni mwaka mmoja tangu kusaini au miezi mitatu tangu wakili akudai kwa maandishi, upi utakaochelewa zaidi.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba bima ya matatu, ukishinda, hailipi fidia peke yake. Hulipa pia gharama za kesi. Gharama hizo zimetolewa kwa ajili yako wewe mwenye kesi, na zinatakiwa kupunguza ada unayodaiwa na wakili wako. Nami sikujua kama zipo.

Yangu ilikwenda hivi. Mahakama ilinipa fidia ya maumivu shilingi 600,000, na 48,000 za bili za hospitali na ripoti ya daktari, ambazo nilikuwa nimezilipa mwenyewe. Wakili akanipigia simu: "Mama, tumeshinda laki sita." Akatoa 180,000 zake, yaani 30%, akatoa na 48,000 akiziita gharama za ofisi, akanikabidhi hundi ya 372,000. Nilitoka pale namuombea dua.

Baada ya wiki mbili dada yangu akaniuliza hukumu iko wapi. Sikuwa nayo. Nikaenda masijala ya mahakama nikaomba kulisoma faili langu, na ndani nikakuta bima ilituma 768,000, maana kulikuwa na 120,000 za gharama za kesi zilizokubaliwa kati ya mawakili wa pande mbili. Yaani yeye alibaki na 396,000, mimi mwenye paja lenye vyuma nikapata 372,000.

Kwa viwango, ada ya wakili kwa mteja wake mwenyewe ni ile anayodaiwa upande ulioshindwa ukiongeza nusu. Tukichukua zile 120,000 kama kipimo, ada yake ingekuwa kama 180,000, na 120,000 kati ya hizo bima ilishalipa. Kutoka kwenye fidia yangu alistahili kama 60,000, ukiweka VAT kando.

Nilimwandikia barua kuomba hesabu yote. Kimya. Nikapeleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili Nairobi, nikaambatisha hundi, hukumu na nakala ya barua yangu. Tume ilimwandikia ajibu, na hapo ndipo simu yake ikaanza kuniita "mteja wangu mpendwa". Alirudisha 190,000 kwa mafungu matatu. Zilizobaki nikaziacha, nilikuwa nimechoka.

Kuhusu siri, kwa hilo simsingizii, alilishika vizuri. Nilikuwa nimewahi kupata ufa kwenye nyonga ya upande ule ule kwa kuanguka ngazini, na mume wangu hakujua. Shangazi alikuwa amenisindikiza. Wakili akamwomba akae nje, akaniambia nikimwambia mbele ya mtu asiyehusika, kinga ya siri inaweza kubishaniwa. Alichoambiwa na mteja kwa ajili ya kesi hawezi kukitoa hata mahakamani bila ruhusa ya mteja, na hilo linaendelea hata kesi ikiisha. Linamfunga karani na mkalimani wake pia. Lakini akaniambia wazi: "Sitakisema, ila pia sitaandika kwamba nyonga ilikuwa nzima." Daktari wa bima angeuona ufa wa zamani kwenye eksirei, na uongo wangu ungeharibu hata madai ya paja.

Pia mteja ni mkeo, kaka, si wewe, hata kama nauli na ada zatoka mfukoni mwako. Yeye ndiye asaini, hundi iandikwe jina lake, na wakili akikataa kukueleza alichosema mkeo, hajakuvunjia heshima.

Kuna mahali kinga hukoma. Binamu yangu alitaka jina lake liingizwe kwenye abstrakti kama abiria majeruhi, na siku hiyo alikuwa Malindi. Maneno ya kupanga uhalifu hayana siri yoyote, hata ukiyanong'ona ofisini kwa wakili mlango umefungwa. Wakili alifunga faili mezani akamwambia atoke, na binamu hadi leo hasemi nami.

Mkishampata wakili, mwambieni aandike kwenye makubaliano kwamba gharama zitakazolipwa na bima zitakatwa kwenye ada yake, na kwamba atawapa nakala ya barua iliyokuja na hundi ya bima. Aliye safi atasaini papo hapo. Pia muulizeni lini ataipa bima notisi ya kesi, kwa sababu isipotolewa ndani ya muda mfupi uliowekwa na sheria, bima yaweza kukataa kulipa hukumu, na mwenye matatu, kwa ninavyowajua, atakuwa keshaliuza gari.