Uhakiki wa onyesho la muziki: kilichotokea, ulichoelewa na unachohukumu

Sentensi inayowaangusha wengi katika zoezi hili ni ya aina hii: "Mwimbaji aliimba kwa hisia kali akawateka watazamaji." Inasikika vizuri, ila msahihishaji hawezi kujua lipi lilitokea ukumbini na lipi limetoka kichwani mwako.

Tuivunje. Tuseme wimbo ulikuwa wa taratibu, na ulipofika ubeti wa tatu ngoma zikanyamaza, likabaki gitaa peke yake. Mwimbaji akashusha sauti karibu na kunong'ona, akawa anachelewesha maneno kidogo nyuma ya mapigo. Kiitikio kilipopanda kwenye noti za juu, aliwaelekezea watazamaji kipaza sauti, wakaimba wao. Hayo ni maelezo: hata aliyeuchukia wimbo atakubali kwamba yalitokea. Kwa hiyo ukiwa ukumbini andika vitendo tu, nani aliingia, nani alinyamaza, sauti ilipanda au ilishuka. Neno "zuri" likikutoka, tafuta kilicholisababisha, uandike hicho.

Tafsiri ndiyo sehemu ngumu, na kwa maoni yangu ndiko alama nyingi hupotea. Ukisema ngoma zilinyamaza ili kuonyesha upweke, toa ushahidi: labda ni papo hapo mashairi yalipoacha "sisi" yakaanza kusema "mimi". Kisha jaribu tafsiri inayokupinga. Lile la kipaza sauti wewe umeliona kama kuwashirikisha watu, lakini mwenzako atasema mwimbaji alikuwa anazikwepa noti za juu. Rudi kwenye daftari. Kama katika nyimbo nyingine alizifikia noti hizo bila shida, tafsiri yako inasimama. Kama kila zilipokuja aliwaachia watazamaji, au sauti ilikwaruza alipojaribu, ya mwenzako ina nguvu zaidi, na uungwana ni kuiandika hivyo.

Hukumu hutaka kipimo kinachotajwa waziwazi. Mfano: "Ubeti ule ulihitaji ukaribu, na ulifaulu kuuleta mpaka gitaa la besi liliporudi kwa nguvu na kufunika maneno." Msomaji anaweza kukikataa kipimo chako, lakini anajua anakataa nini.

Hapo kwenye besi kuna mtego. Sauti nzito hujikusanya karibu na kuta, hasa kwenye pembe za ukumbi, kwa hiyo aliyekaa pembeni anaweza kumlaumu fundi wa sauti kwa kosa la kiti chake. Wakati wa mapumziko hamia karibu na meza ya kuchanganyia sauti, usikilize nyimbo mbili tatu kutoka hapo. Maneno yakiendelea kumezwa, lawama yako ina msingi. Kama kuhama hakuwezekani, taja ulipokaa na uandike "kutoka nilipokuwa, maneno hayakusikika", bila kumtaja fundi.