Usiandike "muda wote"

"Naandaa tangazo, watu wafanye kazi nyumbani Jumanne na Alhamisi, ofisi ipo Kigoma. Niandike 'mfanyakazi apatikane muda wote'?"

Hapana, dada. Sheria ya ajira ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. "Muda wote" utakuletea madai ya ovataimu. Taja saa: simu ipokelewe kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, ujumbe ujibiwe ndani ya nusu saa. Kaka mmoja aliyekujibu kabla yangu kasema watu watume ripoti kila saa. Ripoti sawa, ila hiyo inakula kazi yenyewe. Sisi huku Ujiji tunatuma mistari mitatu saa 10 jioni: nilichomaliza, kilichokwama, cha kesho. Umeme ukikatika, meseji ya kawaida kwa msimamizi, maana bando na Wasapu vinaweza kugoma.