Kuomba usaili usogezwe asubuhi ya siku yenyewe

Saa kumi na moja alfajiri, Jumatano tarehe 14 Mei, mwanangu wa miaka miwili alikuwa anaungua kwa homa na ameshatapika mara tatu. Saa nne asubuhi nilitakiwa niwe Posta kwenye usaili wa nafasi ya afisa ugavi. Mume wangu alikuwa safarini Mbeya. Nikajua siendi.

Kabla sijamwandikia mtu yeyote wa ofisi ile, nilimpigia mama mdogo Kibaha. Akasema atafika jioni na atakaa hadi Jumamosi. Simu hiyo ndiyo iliyonipa muda wa kupendekeza. Wengi huandika muda wowote ili mradi wajibu haraka, kisha kesho yake wanaomba tena. Ombi la kwanza husikilizwa. La pili humfanya mwajiri aite anayefuata kwenye orodha.

Ndipo nikatuma barua pepe hii:

"Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

Nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya Afisa Ugavi leo Jumatano, tarehe 14 Mei, saa 4:00 asubuhi. Mwanangu ameugua ghafla usiku na ninampeleka hospitali, hivyo sitaweza kufika. Naomba radhi kwa kuwajulisha dakika za mwisho, nikijua kuwa jopo limeshajipanga.

Bado naihitaji nafasi hii. Ikiwezekana, naomba nije Alhamisi tarehe 15 Mei saa 8:00 mchana, au Ijumaa tarehe 16 Mei saa 3:00 asubuhi. Kama nyakati hizo hazifai, nitafuata mtakaonipangia. Napatikana kwa simu iliyo hapa chini."

Sababu imekaa katika sentensi moja. Sikueleza nyuzi za homa wala sikutuma picha ya mtoto. Na tafadhali usimzulie mtu msiba. Ukipata kazi, wenzako watakuja kukupa pole, na watauliza marehemu alikuwa nani.

Nyakati mbili nilizichagua kwa makusudi. Sikuomba mchana wa siku ileile, kwa sababu foleni ya maabara hospitalini huijui itaisha saa ngapi. Moja ni mchana na nyingine asubuhi, siku tofauti, ili mjumbe wa jopo mwenye vikao kila asubuhi naye apate nafasi. Ijumaa nikakwepa saa saba, maana wapo watakaokuwa msikitini. Ukitoa muda mmoja tu unasikika kama unaamuru. Ukisema "siku yoyote" unamwachia mwenzako kazi ya kupanga, na barua ya namna hiyo huwekwa kando.

Saa zenyewe ziandike kwa uangalifu. Miaka ya nyuma niliwahi kumwandikia bosi mmoja mgeni "saa 8:00" nikimaanisha mchana. Yeye akanisubiri asubuhi, mimi nikafika saa nane yetu. Tangu hapo siachi neno asubuhi, mchana au jioni, na jina la siku huenda pamoja na tarehe. Kama barua ya mwito imeandikwa kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza na kwa saa za Kiingereza: saa nane mchana iandike 2:00 pm. Usichanganye mifumo miwili katika barua moja.

Barua pepe peke yake haitoshi, kwani inaweza kusomwa jopo likiwa limeshakaa. Saa mbili, ofisi zilipofunguliwa, nilipiga namba iliyokuwa kwenye barua ya mwito. "Samahani dada, nilikuwa na usaili kwenu saa nne. Mtoto anaumwa, niko hospitali. Nimetuma barua pepe yenye siku mbili ninazoweza kuja." Akaniambia ataipeleka kwa wahusika. Hapo ndipo maandishi yanaposaidia: yeye hahitaji kukumbuka maneno yangu, anaisogeza tu barua. Sauti ya WhatsApp ya dakika tatu haisogezeki hivyo, na kubipu ofisi ni kujifungia mlango.

Njia hii ina mipaka. Usaili wa mchujo unaokusanya mamia ya watu ukumbini kwa mtihani mmoja hausogezwi kwa ajili ya mtu mmoja, hata ukiomba vizuri namna gani. Na foleni ya magari si sababu ya kuomba siku nyingine. Hapo unapiga simu ungali njiani, unasema utachelewa kwa dakika ngapi, na unataja dakika za kweli.

Saa sita nikajibiwa: Ijumaa, saa 3:00 asubuhi. Nikarudisha mstari mmoja nikirudia siku, tarehe na saa, na kushukuru. Siku hiyo nilifika saa mbili na nusu. Nilipoingia nikasema, "Asanteni kwa kunipokea leo," nikaketi, na mwenyekiti wa jopo akaanza kuniuliza kuhusu zabuni.